Nguzo za duara kwenye mteremko: kila moja inakula mifuko mingapi ya saruji?

Ukijenga Mgwashi, Lushoto, kiwanja kina mteremko, hivyo nguzo za baraza zinaweza kuwa na kipenyo kimoja lakini urefu tofauti. Hesabu yake ni rahisi: jumlisha urefu wote kwanza.

Tuseme una nguzo sita zenye kipenyo cha sentimita 30, kilichopimwa ndani ya fomu. Mbili zina mita 2.4, mbili mita 3 na mbili mita 3.6. Jumla ni mita 18.

Nusu ya kipenyo ni mita 0.15. Zidisha 0.15 × 0.15 × 3.14, unapata 0.0707. Zidisha kwa 18: zege ni mita za ujazo 1.27.

Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 1.5 na kokoto 3, mita moja ya ujazo inachukua takribani mifuko 8 ya kilo 50. Nguzo fupi itakula mfuko 1.4, ya kati 1.7, ndefu 2 na kidogo. Zote ni 10.2, ukiongeza ya kumwagika, nunua 11.

Usipandishe kila nguzo hadi mfuko mzima, utafika 14, na mfuko uliofunguliwa huganda haraka kwa unyevu wa milimani.

Fundi akikutajia mifuko 41? Huenda ametumia kipenyo kizima badala ya nusu, na jibu limekuwa mara nne.