Umri wa kubadilisha gari

Mwaka ambao wastani wa gharama za kumiliki gari huwa mdogo kuliko miaka mingine yote. Thamani iliyopotea hujumlishwa na matengenezo, kisha hugawanywa kwa miaka. Tuseme mwenye teksi wa Mulongwe, Uvira, amenunua gari kwa dola 8,000. Mwishoni mwa kila mwaka angeliuza kwa 6,000, 4,700, 3,800, kisha 3,200; fundi naye anadai 600, 900, 1,200, kisha 2,200. Wastani ni 2,600, 2,400, 2,300, halafu unapanda hadi 2,425. Auze mwaka wa tatu unapoisha.

Njia ya mkato ni kuutazama mwaka ujao peke yake. Mwaka wa nne unakula 600 za thamani na 2,200 za matengenezo, yaani 2,800, zaidi ya wastani wa 2,300. Pesa zilizokwisha kulipwa kwa shokomzoba hazihesabiwi tena, ingawa ndizo zinazowafanya wengi wang'ang'anie gari bovu.

Hesabu hii hudhani uchakavu unakuja polepole. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 haukungoja ratiba. Gari lililozama hupigiwa hesabu upya, kwa bei yake ya siku hiyo.