Ukanushi wa Umbo na Usanifishaji wa Kiswahili

Mwaka 1985 mwanaisimu Laurence Horn alifafanua ukanushi ambao haukatai ukweli wa kauli, bali hukataa namna ilivyotamkwa. Historia ya Kiswahili sanifu inatoa mfano ulio wazi wa jambo hilo.

Mmvita husema, "Ndia imefungwa." Mzungumzaji wa Kiunguja akimjibu, "Si ndia, ni njia," hajakanusha habari aliyopewa. Ushahidi ni kwamba anaweza kuongeza, "na kweli imefungwa," bila kujipinga. Lau angalijibu, "Haikufungwa," nyongeza hiyo isingewezekana, kwani kiambishi ha- hapo kimekanusha tendo lenyewe. Neno "si" katika jibu la kwanza limeshika sauti tu, na ndiyo sababu huhitaji kufuatwa na umbo linalopendekezwa. Likiachwa peke yake, msikilizaji aweza kudhani kwamba ameambiwa amesema uongo.

Kwa upande wa mantiki, Mmvita naye ana haki ile ile ya kujibu, "Si njia, ni ndia." Kilichoondoa usawa huo si maana, bali uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. Tangu hapo, "si" ya darasani ilipata nguvu ya hukumu. Kwa hiyo mwalimu asahihishaye lahaja hana budi kubainisha kwamba anachokataa ni umbo lisilo sanifu, wala si ukweli wa mwanafunzi.