Jiwe Linasema Nini? Kusoma Makaburi Yetu Pande Zote za Mpaka

Sisi wa Koboko, na ninyi wa Yei, Aru na Ariwara, wengi tuna picha za makaburi kwenye simu zetu. Mtu akienda kuzika au kutembelea ukoo, anapiga picha ya jiwe na kuwatumia ndugu. Baada ya miaka michache mtoto anauliza, "Huyu ni nani, na amelala wapi?" Hapo wazee wanaanza kubishana. Hebu tuone namna ya kulisoma jiwe mpaka likajibu lenyewe.

Anza na maneno ya juu, kabla hata ya jina. Jiwe linaloandikwa "Hapa amelala" linasema mwili upo chini yake. Linaloandikwa "Kwa kumbukumbu ya" halisemi hivyo. Linasema tu kwamba mtu anakumbukwa mahali pale. Kwetu West Nile tofauti hii ni kubwa. Tangu mapigano ya Oktoba 1980 watu walikimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu, na wengi walifia huko. Waliorudi wakaweka kumbukumbu nyumbani. Kwa hiyo jiwe linaweza kuwa Koboko na kaburi likawa ng'ambo ya mpaka.

Mfano unaojulikana zaidi Uganda ni wa Askofu Mkuu Janani Luwum. Aliuawa tarehe 16 Februari 1977, wakati wa Idi Amin, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari, pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi. Waumini wakachimba kaburi Namirembe, Kampala, karibu na lile la Askofu Hannington. Lakini mwili haukuletwa. Askari waliupeleka Mucwini, Kitgum, kijijini kwake, ukazikwa huko. Kule Namirembe watu walikusanyika wakaimba kando ya kaburi tupu. Tena mwaka 1998 sanamu yake iliwekwa juu ya mlango wa Westminster Abbey, London. Basi una sehemu tatu za kumkumbuka mtu mmoja, lakini kaburi lake ni moja tu, la Mucwini. Ukiwa na picha moja tu ya hizo, usiandike chini yake "alizikwa hapa" mpaka maneno ya jiwe au mashahidi wakubaliane nawe.

Jambo la pili ni tarehe. Jiwe linaweza kubeba tarehe za namna tatu: ya kufa, ya kuzikwa, na ya kuwekwa jiwe lenyewe. Zikichanganywa, mtu anazeeka akiwa kaburini. Askofu James Hannington alizaliwa 3 Septemba 1847, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Mabaki yake yalizikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892, miaka saba baadaye. Mtu akichukua 1892 kuwa mwaka wa kufa, atapata askofu wa miaka 45. Ukitoa 1847 kwenye 1885 unapata 38, na kwa kuwa Septemba ilikuwa imepita, alikuwa ametimiza hiyo 38. Fanya hesabu hiyo kila mara. Umri ulioandikwa kwenye jiwe ukikataa kulingana na tarehe, moja kati yake si ile uliyodhani, au tarakimu imesomwa vibaya.

Tarakimu zinadanganya kweli, hasa kwenye kaburi la sementi lililoandikwa kwa msumari kabla halijakauka. 1 inafanana na 7, 3 na 8, 0 na 6. Ndiyo maana picha inapigwa asubuhi au jioni, mwanga ukitoka ubavuni, ili herufi zitupe kivuli. Jua la saa sita linazifuta. Ikiwa ni kivulini, mwenzio awashe tochi kando ya jiwe, si mbele. Safisha kwa maji na kitambaa laini, wala usikwangue kwa brashi ya chuma, maana unaweza kuondoa herufi unayoitafuta. Piga picha tatu: jiwe lote, maandishi kwa karibu, na makaburi ya jirani. Jirani akiwa na jina la baba au tarehe ile ile, amekusaidia nusu ya kazi.

Katika ukoo wenye Waislamu pia, na kwetu Koboko ni wengi, mwaka unaweza kuwa wa Hijria. Ukiona 1401, usishangae. Gawanya kwa 33, unapata kama 42. Toa 42, ongeza 622, unafika 1981. Njia hii inaweza kupotoka mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa Hijria unagusa miaka miwili ya kalenda yetu. Huo wa 1401 ulianza Novemba 1980.

Tarehe moja kwa majina mengi nayo inasema. Ukiona majina ya watu wa rika mbalimbali, wote tarehe 24 Juni 1981, fikiria Ombachi, karibu na Arua, ambapo askari waliwashambulia watu waliokimbilia misheni ya Wakatoliki. Lakini usimwingize mtu huko kwa sababu ya tarehe peke yake. Tafuta jina lake kwanza.

Jambo la tatu ni jina la nchi. Hili linakuambia jiwe liliwekwa lini. Kongo iliitwa Zaire kati ya 1971 na 1997. Sudan Kusini imekuwa nchi tangu 9 Julai 2011. Chukua mfano wa jiwe lililoko Koboko, lililoandikwa: "Kwa kumbukumbu ya babu yetu. Alizaliwa 1925. Alifariki 1982, Yei, Sudan Kusini." Soma polepole. "Kwa kumbukumbu" inakuambia usitafute mwili hapo. Mwaka 1982 ni wakati wa ukimbizi. "Sudan Kusini" inadokeza kwamba huenda aliyeandika hakuwa anaandika mwaka 1982. Inaelekea jiwe liliwekwa baada ya 2011, karibu miaka thelathini baada ya kifo, kwa kumbukumbu za watoto au wajukuu. Basi 1925 huenda ni makisio, lakini mahali pa kufia pana uzito, kwa maana watu husahau mwaka kabla ya kusahau walipomzika baba. Hatua inayofuata si kuchimba Koboko. Ni kuwapigia ndugu wa Yei, waulize wazee waliokaa na wakimbizi, na waende na jina la babu, la baba yake na la ukoo, kwa kuwa jina moja peke yake litaleta watu kumi.

Mwisho, ukishapata jibu, liandike pamoja na picha: mahali, siku uliyopiga, maneno yote kama yalivyo, hata yenye makosa ya herufi. Usirekebishe jina la marehemu. Kando yake andika unachodhani, na nani alikuambia. Wenzetu wanaozeeka Koboko, Yei na Ariwara ndio wanaojua makaburi yasiyo na jiwe, na hayo picha haiwezi kuyasoma bila wao.