Kichwa Nomino: Jinsi ya Kukikunjua Kichwa cha Habari cha Kiitaliano

Malindi si ajabu kumkuta muuza vinyago akipatana bei kwa Kiitaliano, tena kwa mzaha na matani. Lugha hiyo ilianza kusikika na wataalamu wa kituo cha anga cha San Marco, kule Ngomeni, katika miaka ya 1960, ikakolezwa na watalii na wale walionunua nyumba wakakaa. Vijana wengi wameiokota ufuoni kwa sikio, bila daftari.

Mmoja wao, dereva wa tuktuk ninayemfahamu, alinipa simu yake siku moja akaniuliza: "Mwalimu, hapa wanasema nini? Maneno yote nayajua, lakini sentensi siioni." Hakukosea. Sentensi haikuwepo. Alichokuwa akikisoma ni kichwa cha habari, na vichwa vya habari vya Kiitaliano vina sarufi yake ambayo hakuna anayeizungumza ufuoni.

Waitaliano wenyewe huuita mtindo huo "stile nominale", yaani uandishi unaobebwa na nomino huku kitenzi kikiachwa nje. Mwanaisimu wao, Bice Mortara Garavelli, aliuandikia makala ndefu mwaka 1971. Kwa Kiswahili tuna pa kuanzia. Sarufi yetu ina "kirai nomino", kundi la maneno lenye nomino kama kiini, na ina "udondoshaji", yaani kuacha kipashio ambacho msomaji anaweza kukirudisha mwenyewe. Kwa hiyo napendekeza kichwa cha aina hii tukiite "kichwa nomino". Na kazi ya kukigeuza kuwa sentensi kamili tuiite "kukunjua". Hii ni zaidi ya kutafsiri, kwa sababu anayekunjua hurudisha kilichokunjwa, na lazima awe na hakika kwamba anachokirudisha kilikuwemo.

Tuchukue tukio la kweli. Jumanne, tarehe 20 Novemba 2018, watu wenye silaha walivamia Chakama, Kaunti ya Kilifi, wakamteka mwanamke wa Kiitaliano aliyekuwa akifanya kazi ya kujitolea pale. Watu 5 walijeruhiwa. Vichwa ninavyovitumia hapa nimevitunga mimi kwa kufuata kanuni za magazeti yao, na cha kwanza ni hiki:

"Kenya, rapita volontaria italiana: cinque feriti, caccia ai sequestratori"

Neno kwa neno tunapata: "Kenya, aliyetekwa mwanamke wa kujitolea Mwitaliano: watano waliojeruhiwa, msako kwa watekaji." Hicho si Kiswahili, ni orodha. Tukikunjue kipande kwa kipande.

"Kenya" na mkato wake ni pambizo la mahali. Kwa msomaji wa Roma, nchi inatosha. Kwa msomaji wa Kilifi haitoshi hata kidogo, maana atauliza Kenya ipi. Anayeandika kwa Kiswahili cha hapa ashuke ndani ya habari, atafute jina la mahali penyewe, kisha aandike "huko Chakama, Kaunti ya Kilifi".

"Rapita" ndipo penye fundo. Sentensi kamili ya Kiitaliano ingekuwa "è stata rapita", yaani ametekwa nyara. Maneno mawili ya mwanzo ni vitenzi visaidizi, na mhariri ameyatupa kwa sababu hayabebi habari kubwa. Kilichobaki kinajitosheleza: "rapita", kwa irabu yake ya mwisho, kinaonyesha kwamba aliyetekwa ni mmoja na ni mwanamke. Angekuwa mwanamume kingeandikwa "rapito". Wangekuwa wanaume kadhaa, "rapiti". Wanawake watupu, "rapite". Msomaji hurudisha visaidizi mwenyewe bila hata kujua kwamba amevirudisha.

Kiswahili hakina nafasi hiyo. Kitenzi chetu ni gogo moja. Katika "ametekwa", mtendwa yuko kwenye a-, hali iko kwenye -me-, tendo liko kwenye -tek-, na ile -w- inasema kwamba alitendwa. Huwezi kutupa kisaidizi ukaacha kiini, kwa sababu vimeshikana. Ukitupa, unatupa vyote. Tena Kiswahili hakionyeshi jinsia kwenye kitenzi, kwa hiyo habari iliyokaa kwenye irabu moja ya "rapita" inahitaji neno lake: mwanamke.

Nukta mbili zinazofuata ni kitenzi kingine kilichomezwa. Zinaweza kumaanisha "na matokeo yake ni", zinaweza kumaanisha "sababu yake ni", na zikija baada ya jina la mtu zinamaanisha "amesema". Hapa zinaunganisha kutekwa na kujeruhiwa bila kusema uhusiano wao. Je, watano walijeruhiwa katika uvamizi ule ule, au baadaye, katika msako? Kichwa hakijibu. Jibu hupatikana katika mistari midogo inayokizunguka: ule wa juu, ambao Waitaliano huuita "occhiello", yaani kijicho, na ule wa chini, "sommario", yaani muhtasari. Aghalabu kitenzi kilichotoroka hupatikana humo, kwa hiyo asiyesoma mistari hiyo anakunjua kwa kubahatisha.

Kipande cha mwisho, "caccia ai sequestratori", kina mtego wa upande wetu. Kiitaliano kimetumia "ai", neno linaloelekeza msako kwa watekaji. Hapana shaka nani anasakwa. Ukiandika kwa Kiswahili "msako wa watekaji", umeleta utata ambao haukuwepo, kwa kuwa -a unganifu wetu humbeba mtenda na mtendwa sawasawa. Ni utata ule ule wa "mauaji ya polisi": polisi wameua au wameuawa? Tiba yake ni kurudisha kitenzi pamoja na mtenda wake: "vyombo vya usalama vinawasaka watekaji".

Kichwa kikishakunjuliwa kinasomeka hivi: "Mwanamke Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi ya kujitolea ametekwa nyara huko Chakama, Kaunti ya Kilifi. Watu 5 wamejeruhiwa katika uvamizi huo, na vyombo vya usalama vinawasaka watekaji."

Mhariri atalalamika kwamba hicho si kichwa tena, ni aya. Ana haki. Lakini Kiswahili nacho kina njia yake ya kubana, nayo haipiti kwenye kudondosha kitenzi. Magazeti yetu huandika "Mvua yaua watatu" au "Waziri ajiuzulu". Ile -a- ndiyo ambayo vitabu vya shule huita wakati usiodhihirika. Haisemi "imeua" wala "iliua". Inalitaja tendo na kuuacha wakati wake wazi. Kwa maneno mengine, Mwitaliano hubana kwa kutupa kitenzi, na Mswahili hubana kwa kuuficha wakati ndani ya kitenzi. Basi kichwa nomino kikirudi kuwa kichwa cha Kiswahili, mwenzake ni kichwa chenye -a-: "Mwitaliano atekwa nyara Kilifi, 5 wajeruhiwa". Maneno matano tu na tarakimu moja, na kila tendo lina kitenzi chake.

Hadi hapo kosa ni la ufasaha tu. Kuna pahali pawili ambapo kosa huwa la ukweli.

La kwanza ni neno "sarebbe". Wakati wa msako kichwa kingeweza kuandikwa: "Volontaria rapita, sarebbe ancora in Kenya". Kitabu cha sarufi kitakwambia kwamba "sarebbe" ni "angekuwa". Ukiandika "Angekuwa bado yuko Kenya", msomaji wa Kiswahili ataelewa kinyume kabisa: kwamba hayuko, na kuna jambo lililozuia awepo. -Nge- yetu inaelekea kwenye lisilokuwa. Lakini waandishi wa habari wa Kiitaliano hulitumia umbo hili kujitenga na habari waliyoisikia bila kuithibitisha. Maana yake ni "inadaiwa bado yuko Kenya". Na kama habari yenyewe inamtaja aliyedai, mtaje: "Polisi wanaamini bado yuko Kenya." Dalili ya kulitambua ni rahisi. Tazama kama kuna "kama" yoyote karibu, yaani "se" ya Kiitaliano. Kama hakuna sharti popote katika sentensi, huo si wakati wa masharti, ni uvumi uliovishwa adabu.

La pili lilikuja tarehe 9 Mei 2020, mwanamke yule alipopatikana huru nchini Somalia, baada ya miezi 18 hivi. Kichwa nomino cha siku ile kingeweza kuwa na umbo hili: "Libera la volontaria rapita in Kenya". Au hili: "Liberata la volontaria rapita in Kenya". Tofauti ni silabi moja. "Libera" ni kivumishi, kinataja hali yake: yuko huru. "Liberata" ni tendo: kuna aliyemfanya awe huru, ila hatajwi.

Sasa Mswahili amekalia moto. "Liberata" inataka kitenzi, na Kiswahili kinadai uchague. Ukiandika "ameachiliwa", umesema watekaji wamelegeza mkono. Ukiandika "ameokolewa", umesema kuna waliomwendea wakamtoa. Ukiandika "amekombolewa", umesema kuna kilicholipwa, kwa kuwa mbele ya Mswahili ukombozi una bei, na kikomboleo ni mali. Italia wakati ule ilichemka kwa mabishano juu ya fidia: ililipwa au haikulipwa, na kama ililipwa, ni nani aliyelipa. Neno moja la Kiswahili lingeweza kumwingiza mwandishi katika mabishano hayo naye hana habari, ilhali Kiitaliano kilimruhusu mwenzake kupita pembeni kimya kimya.

Nilimweleza dereva wangu hayo, tukiwa tumeegesha chini ya mwarobaini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe wao wanaruhusiwa kutojua, sisi lugha inatulazimisha tujue." Nikamwambia hailazimishi kujua, inalazimisha kuuliza. Kwa kila tendo lililomo katika kichwa nomino uliza: nani, kamtenda nani, wapi, na mwandishi amelijuaje. Majibu yatafutwe katika kijicho, katika muhtasari na katika habari yenyewe.

Likikosekana jibu, usilitunge. Ukiwa hujui aliyemtoa mtu mikononi mwa watekaji ni nani, wala kwa njia gani, usiandike ameokolewa wala amekombolewa. Andika "yuko huru". Ni Kiswahili safi, na ni yote unayoyajua.