Kwa Nini Watatu wa Kwanza Hukataliwa: Fumbo la Kuchagua Bila Kurudi Nyuma

Mwanafunzi mmoja alinionyesha kwenye simu yake picha ya ukurasa wa kitabu cha mafumbo. Mwajiri, fumbo lilisema, anawasaili waombaji 10 mmoja baada ya mwingine, nao wanaingia kwa mpangilio wa bahati nasibu. Akishamsaili mmoja anaweza kumlinganisha na waliotangulia, lakini hajui lolote kuhusu wanaofuata. Hapo hapo anapaswa kuamua: amwajiri na kufunga usaili, au amkatae, na aliyekataliwa haitwi tena. Afanyeje? Aliyepiga picha alikata sehemu ya chini ya ukurasa, kwa hiyo mstari wa mwisho haukuonekana. Mwanafunzi hakujali, kwani jibu alikuwa nalo tayari: wakatae asilimia 37 ya mwanzo, kisha mchukue wa kwanza atakayewapita wote hao.

Jibu hilo ni sahihi kwa fumbo moja tu, na picha ile haikuonyesha kama ndilo fumbo lililoulizwa. Mstari uliokatwa ndio unaosema mwajiri anatafuta nini. Bila mstari huo namba 37 haina pa kusimamia, na wengi wanaoinukuu kama kanuni ya kutafutia kazi, nyumba au mchumba huinukuu wakiwa wameukata mstari huo huo.

Fumbo lilianza kujulikana kwa umma Februari 1960, Martin Gardner alipoliandika katika safu yake ya michezo ya hisabati kwenye jarida la Scientific American. Yeye alitumia vipande vya karatasi vilivyoandikwa namba zozote, ndogo kama sehemu ya moja au kubwa kupita kiasi, vikafudikizwa mezani na kufunuliwa kimoja kimoja. Mchezaji anayesimama kwenye namba kubwa kuliko zote ameshinda. Anayesimama kwenye ya pili kwa ukubwa ameshindwa sawasawa na aliyesimama kwenye ya mwisho. Mwaka uliofuata Dennis Lindley alichapisha suluhisho lake katika jarida la takwimu. Sharti hilo kali, bora kuliko wote au hakuna, ndilo linalozaa kila kitu kinachofuata.

Tuchukue waombaji 10. Mwombaji aliye bora kuliko wote waliomtangulia nitamwita kinara. Asiye kinara hawezi kuwa bora wa wote, kwa hiyo kumchukua ni kushindwa kwa hakika, na uamuzi wenye maana hutokea tu pale kinara anapokuwa ameketi mbele yetu. Tuseme amekuja katika nafasi ya k. Uwezekano kwamba yeye ndiye bora wa wote 10 ni k/10, yaani uwezekano kwamba bora wa wote yumo miongoni mwa k wa kwanza. Kinara wa nafasi ya pili ana uwezekano wa asilimia 20. Kinara wa nafasi ya saba ana asilimia 70.

Je, tukimwacha na kumngoja kinara anayefuata? Uwezekano wa kupata bora wa wote kwa njia hiyo ni k/10 ikizidishwa kwa jumla hii:

1/k + 1/(k+1) + … + 1/9

Pande zote mbili za ulinganisho zina k/10, kwa hiyo kinachobaki ni kuitazama jumla. Ikiwa kubwa kuliko 1, kungoja kuna faida. Ikishuka chini ya 1, tumchukue aliyepo. Kwa k = 3 jumla ni takriban 1.329, basi hata kinara wa nafasi ya tatu anaachwa. Kwa k = 4 ni 0.996, pungufu kidogo tu ya 1, basi kinara wa nafasi ya nne anachukuliwa, na vivyo hivyo kinara yeyote baada yake. Huhitaji kompyuta kwa hesabu hii. Sehemu sita zinazojumlishwa nyuma ya bahasha zinatosha.

Kwa hiyo watatu wa kwanza hukataliwa hata wakiwa hodari, kwa sababu kazi yao katika mchezo huu ni kuwa kipimo. Uwezekano wa kushinda kwa kanuni hii ni 0.3 × 1.329, karibu asilimia 39.9. Anayewaacha wanne badala ya watatu anapata asilimia 39.8, tofauti isiyomuumiza mtu, na hata anayewaacha wawili au watano habaki mbali sana: asilimia 36.6 na 37.3. Anayemchukua wa kwanza bila kungoja anapata asilimia 10. Waombaji wakizidi kuongezeka, sehemu ya kuwaacha na uwezekano wa kushinda vyote viwili hukaribia 1/e, ambapo e ni takriban 2.718, na huko ndiko ile 37 ilikotoka. Kwa watu 10 sehemu hiyo ni asilimia 30.

Sasa tuangalie jambo ambalo wapenzi wa kanuni hii hawalisemi sana: inaposhindwa, hushindwaje? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni bora wa wote kuwa miongoni mwa watatu waliokataliwa. Uwezekano wake ni asilimia 30 kamili. Hilo likitokea, hakuna atakayempita, hakuna kinara mwingine atakayeonekana, na mwajiri atafika mwisho wa foleni mikono mitupu. Njia ya pili, karibu asilimia 30 nyingine, ni kumchukua kinara mapema huku bora wa wote bado yuko nje akisubiri zamu. Katika mchezo wa Gardner njia hizi mbili ni sawa, kwa kuwa kushindwa ni kushindwa. Lakini katika ofisi yenye kazi ya kufanywa hazifanani hata kidogo. Aliyeshindwa kwa njia ya pili amepata mtu mzuri asiye bora kabisa. Aliyeshindwa kwa njia ya kwanza, kama kazi ni lazima ijazwe, atamchukua wa kumi vyovyote alivyo, na mtu huyo, tukijua bora ameshapita, anaweza kuwa wa pili, wa kumi au yeyote wa katikati kwa uwezekano ulio sawa. Wastani wake ni nafasi ya sita kwa ubora. Mara moja kati ya tisa atakuwa dhaifu kuliko wote.

Tuubadilishe basi ule mstari uliokatwa. Tuseme mwajiri hataki bora au hakuna, bali anataka mtu ambaye kwa wastani cheo chake cha ubora kiko juu iwezekanavyo, na ni lazima aajiri mmoja. Hesabu hufanywa kutoka nyuma. Akifika kwa wa kumi hana la kuchagua, na wastani wa cheo atakachopata ni 5.5. Mbele ya wa tisa anajua kwamba kumwacha kunamgharimu 5.5, kwa hiyo anamchukua ikiwa yumo katika watano bora waliokwisha kuonekana. Hilo linashusha thamani ya kufika kwa wa tisa hadi 4.28, ambayo sasa ndiyo kipimo cha wa nane, na kadhalika hadi mwanzo. Kanuni inayopatikana ni hii: wakatae watatu, wa nne na wa tano wachukuliwe ikiwa tu ni vinara, wa sita na wa saba hata wakiwa wa pili kati ya walioonekana, wa nane akiwa katika watatu bora, wa tisa akiwa katika watano.

Masharti yanalegea kadiri foleni inavyokwisha. Kanuni ya kwanza haina ulegevu huo: inadai kinara hadi dakika ya mwisho, kisha inaangukia kwa yeyote. Nimezipiga hesabu zote mbili kwa watu 10 wale wale, kwa sharti kwamba lazima mmoja aajiriwe. Kanuni ya kinara humpa mwajiri mtu wa cheo cha 3.03 kwa wastani. Kanuni inayolegea humpa mtu wa cheo cha 2.56. Kwa upande wa pili, uwezekano wa kumpata bora kabisa hushuka kutoka asilimia 39.9 hadi takriban 33. Hayo ndiyo mabadilishano yaliyofichwa katika picha iliyokatwa, na hakuna hesabu itakayomwamulia mwajiri anataka upande upi. Mwaka 1964 Chow, Moriguti, Robbins na Samuels walithibitisha jambo ambalo hadi leo naliona la ajabu: hata waombaji wawe wengi kiasi gani, milioni au zaidi, kanuni inayolegea huweza kuuweka wastani wa cheo chini ya 3.87.

Sharti la pili linalosahaulika ni kwamba aliyekataliwa haitwi tena. Thomas Ferguson, alipoandika mwaka 1989 kuhusu historia ya fumbo hili, alimkumbuka mnajimu Johannes Kepler, ambaye baada ya kifo cha mkewe mwaka 1611 aliwafikiria wanawake 11 kabla ya kuoa tena mwaka 1613. Alimwoa wa tano, Susanna Reuttinger. Kwa watu 11 jumla yetu hushuka chini ya 1 kwa mara ya kwanza kwenye k = 5, yaani wakatae wanne na uanze kuchukua kwa wa tano, na wapo wanaofurahia kuona Kepler ameitii hesabu ambayo ilikuwa haijazaliwa. Lakini Kepler hakusimama kwa wa tano. Aliendelea na wengine, kisha akamrudia. Mahali ambapo mlango wa kurudi umeachwa wazi, sababu ya kukataa watu ili wawe kipimo inatoweka, na usaili mwingi wa kazi nchini mwetu uko hivyo: wote husailiwa kwanza, alama hulinganishwa, ndipo mmoja huitwa.

Anayetafuta chumba cha kupanga Dar es Salaam yuko karibu zaidi na fumbo, kwa kuwa chumba alichokiacha asubuhi jioni huenda kina mtu. Hapo linakuja sharti la tatu, mpangilio wa bahati nasibu. Dalali anaweza kuanza na vyumba vibovu ili kile anachotaka kukipangisha kionekane jumba, na hesabu zote za hapo juu zinavunjika, kwa sababu watatu wa kwanza si kipimo tena bali chambo. Bahati njema mpangilio wa namna hiyo unaweza kushukiwa. Katika nasibu, kinachofunuliwa katika nafasi ya k huwa kinara kwa uwezekano wa 1/k, kwa hiyo miongoni mwa vyumba 10 tunatarajia vinara watatu hivi kwa wastani, chumba cha kwanza kikiwa mmoja wao. Vyumba vinne vya mwanzo kupandana kwa ubora, kila kimoja kikizidi kilichotangulia, hutokea kwa bahati mara moja tu kati ya 24. Mpangaji anayeona hivyo asikimbilie cha nne kwa sababu kanuni imesema kinara wa nne achukuliwe. Amuulize dalali vyumba vilivyobaki viko wapi, au atafute dalali mwingine.