Herufi e katika wingi wa “potato”: kanuni iliyowekwa kichwa chini

Mwanafunzi wa Kiingereza katika shule zetu mara nyingi huambiwa kwamba nomino inayoishia kwa o huongezewa es katika wingi. Mfano unaoandikwa ubaoni huwa *potato, potatoes*, kisha *tomato, tomatoes*. Mifano hiyo ni sahihi, na maneno hayo mawili hayana njia nyingine: *potatos* na *tomatos* ni makosa. Tatizo ni kanuni inayojengwa juu yake. Aliyeimeza huja kuandika *photoes, pianoes* na *radioes*, kisha hukatwa alama kwa kutii alichofundishwa. Ninashikilia kwamba kanuni hiyo imewekwa kichwa chini: s peke yake ndiyo kawaida ya Kiingereza, na es ni ya kundi dogo la maneno ambayo hayana budi kukaririwa.

Tuanze na sauti. Katika *boxes* na *buses*, es huleta silabi mpya. Katika *potatoes* haileti chochote: neno lina silabi tatu katika umoja na tatu katika wingi, na mwisho wake hutamkwa sawasawa na mwisho wa *photos*. Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea kutamka kila irabu anayoiona, hujikwaa hapa na kusoma silabi nne. Na kwa kuwa *os* na *oes* husikika vilevile, hata Mwingereza hawezi kuamua tahajia kwa sikio. Kazi ya e ni ya macho: inamwonyesha msomaji kwamba o ni ndefu, kama ilivyo katika *toes* na *goes*, si fupi yenye s kali kama katika *chaos*.

Kwa nini basi maneno machache tu yaipate alama hiyo? Jibu la kawaida ni umri. *Potato* liliingia Kiingereza katika karne ya 16 kutoka Kihispania, na asili yake ni lugha za Karibea. Tahajia ilikuwa bado haijatulia, na umoja wenyewe uliwahi kuandikwa *potatoe*. *Tomato* liliingia kama *tomate*, nalo asili yake ni Kinahuatl cha Meksiko; o ya mwisho ilikuja baadaye, yaelekea kwa kuiga *potato*. Kwa hiyo si ajabu kwamba yanafuatana hadi katika wingi.

Lakini umri hautoshi. *Tobacco* nalo lilitoka Amerika kupitia Kihispania katika karne hiyohiyo, na wingi wake wa kawaida ni *tobaccos*. Ninaona tofauti iko katika matumizi. Tumbaku hutajwa kama kitu kisichohesabika, na wingi wake huhitajika tu mtu anapozungumzia aina zake; viazi na nyanya hununuliwa na kupikwa vingi vingi. Tahajia ya wingi inayoandikwa kila siku hukomaa na kuganda. Hili linaelekea kueleza pia *heroes* na *echoes*, ambayo nayo kwa kawaida hayakubali s peke yake, na pamoja nayo *vetoes, torpedoes* na *embargoes*.

Nje ya kundi hili s hutawala. Irabu ikitangulia o, hakuna shaka: *radios, studios, videos, zoos*. Neno likiwa limefupishwa, mwandishi huhifadhi umbo lake: *photos, kilos, memos, hippos*. *Piano* ni la hapa pia, kwa kuwa ni kifupi cha *pianoforte*, na istilahi nyingine za muziki kutoka Kiitalia, kama *solos* na *sopranos*, hufuata njia hiyo. Maneno mapya hayasiti: *logos, euros, burritos*.

Kati ya pande hizo mbili kuna maneno yanayokubali tahajia zote mbili: *mangoes* na *mangos*, *mosquitoes* na *mosquitos*, *volcanoes* na *volcanos*, *cargoes* na *cargos*. Mwalimu anayemkata mwanafunzi alama kwa *mangos* anamwonea. Jambo la kusisitiza ni kwamba tahajia moja ishikwe kuanzia mwanzo wa maandishi hadi mwisho.

Kosa la upande wa pili lilipata umaarufu tarehe 15 Juni 1992 huko Trenton, New Jersey. Mwanafunzi wa miaka 12 aliandika *potato* ubaoni, na Makamu wa Rais wa Marekani, Dan Quayle, akamwelekeza aongeze e mwishoni. Kadi aliyopewa ilikuwa na tahajia hiyo. Marekani nzima ilicheka, lakini kosa lina mantiki yake. Anayeondoa s tu kwenye *potatoes* hubaki na *potatoe*, kama vile *toes* inavyobaki *toe*. Katika *toes*, e ni sehemu ya shina. Katika *potatoes*, imekuja pamoja na s na sharti iondoke nayo. Karatasi haionyeshi mpaka huo, na mwalimu anaweza kuuchora ubaoni kwa kistari kimoja: *toe-s, potato-es*.