Kadi imeibiwa, pesa imetoka: nani analipa?

Familia nyingi za Uvira, Fizi na Baraka zinaishi kwa pesa ya ndugu walioko ng'ambo. Huko pesa iko ndani ya kadi, ile tunayoiita karte. Mwizi akiichota, wanaolala njaa wako huku ziwani.

Zamani benki zilikuwa na jibu moja: kadi ni yako, namba ya siri ni yako, basi aliyetoa pesa ni wewe. Mwaka 1977, mama mmoja wa New York alikuta dola 800 zimetoka katika akaunti yake, zimetolewa kwenye mashine. Benki ikamwonyesha karatasi zake: kadi na namba ya siri vilitumika. Yeye akaleta barua ya mwajiri kwamba saa zile alikuwa kazini. Hakimu alikata kesi mwaka 1980. Alikuwa na maneno ya mtu upande mmoja na maandishi ya mashine upande mwingine, akamwamini mtu. Benki ikaamriwa kurudisha pesa.

Lakini si kila mtu ana barua ya mwajiri. Mwaka 1978, kesi ile ikiwa bado haijaamuliwa, Bunge la Amerika lilikuwa limeshapitisha sheria ya pesa zinazopita kwa mitambo. Tangu hapo benki ndiyo inayopaswa kuonyesha kwamba mwenyewe aliruhusu. Na hasara ikagawanywa kwa saa: kadiri unavyochelewa kutoa taarifa, ndivyo mzigo unavyohamia kwako.

Tuchukue mfano. Kijana wetu aliyepelekwa Amerika kutoka kambi ya Nyarugusu anagundua Jumatatu kwamba kadi yake imeibiwa. Hadi Jumatano mwizi ametoa dola 300. Akiwa amepiga simu benki ndani ya siku mbili za kazi, yeye anabeba dola 50 tu, na 250 zinarudi. Akikaa kimya hadi Jumatatu inayofuata, na mwizi akaongeza dola 900, basi anabeba 500, na benki inabeba 700. Na akipitisha siku 60 tangu benki imtumie taarifa ya akaunti inayoonyesha wizi huo, pesa inayochotwa baada ya siku hizo ni hasara yake yote, hata ikiwa maelfu. Aliyelazwa hospitali au aliyekuwa safari ndefu huongezewa muda.

Kama kadi iko mfukoni lakini namba zake tu ndizo zimeibiwa, akitoa taarifa ndani ya siku hizo 60 habebi kitu. Kadi ya mkopo ina sheria nyingine tena: kikomo ni dola 50.

Taarifa ya mdomo inatosha kuanzia. Ila benki inaweza kudai barua ndani ya siku 10 za kazi, kwa hiyo aandike mara moja, na aweke saa ya simu na jina la aliyempokea. Benki nayo ina siku 10 za kazi kuchunguza. Ikitaka muda zaidi, kwa kawaida inarudisha pesa kwanza, halafu inaendelea kutafuta.

Kuna shimo moja ambalo jamaa zetu wanaanguka mara nyingi. Ukimpa shemeji kadi na namba ya siri atoe dola 100, naye akatoa 600, sheria ya Amerika inahesabu kwamba ulimruhusu, mpaka siku utakapoiambia benki kwamba huyu hana ruhusa tena. Kati yetu kupeana kadi ni upendo wa kifamilia, najua. Sheria haioni upendo.

Walioko Ubelgiji na Ufaransa wana kipimo kingine. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2015 iliweka kikomo cha euro 50, na baada ya kutoa taarifa hubebi kitu tena, isipokuwa wewe mwenyewe ni mdanganyifu. Lakini mwenye uzembe mkubwa anaweza kubeba hasara yote, na benki nyingi zitasema kuandika namba ya siri juu ya kadi ni uzembe huo. Amerika, kosa hilo peke yake halikuongezei mzigo.

Na sisi wenye akaunti huku? Kwanza soma ule mkataba uliosaini siku ya kupewa kadi: tafuta mahali palipoandikwa kupotea na kuibiwa, na muda uliopewa. Usitegemee dirisha la benki. Mwisho wa Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango, na aliyetaka kufunga kadi hakuwa na mtu wa kumwona. Namba ya simu ya kufungia kadi iandike kwenye karatasi, mbali na kadi yenyewe na mbali na simu, kwa sababu barabarani vyote viwili huibiwa pamoja.